Baadaye na Baada ya: Mhadhara kuhusu Mpaka wa Neno

Mhadhara huu, uliotolewa kwa wazee wa Bukoba na Muleba, walimu, makatibu wa vijiji na wa vyama vya msingi, na wanafunzi, unahusu suala ambalo kwa wengi ni dogo, yaani nafasi moja tupu kati ya herufi na herufi. Maandishi haya ni yale yaliyosomwa ukumbini, na maneno machache yaliyoelekezwa kwa wasikilizaji yameachwa mahali pake.

Lengo la mhadhara ni kujibu swali ambalo walimu wa Kiswahili huulizwa kila mwaka na wanafunzi makini: kwa nini *baadaye* huandikwa kama neno moja, wakati *baada ya*, ambayo inafanana nayo karibu kwa kila herufi, hubaki maneno mawili? Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba ndivyo kamusi inavyosema, na ni kweli kwamba kamusi huliweka *baadaye* katika kidahizo chake, yaani neno linaloanzisha maelezo, na huliweka *baada* katika kidahizo kingine. Lakini kamusi haikuugawa usemi huu kwa kupiga kura. Ilifuata jambo lililomo katika lugha yenyewe, na jambo hilo linaweza kuonyeshwa kwa hoja zifuatazo, ambazo kila mmoja aliyeketi hapa anaweza kuzijaribu kwa kinywa chake.

Hoja ya kwanza: sehemu ya mwisho ya maneno haya si kitu kimoja

Shina la yote mawili ni *baada*, neno lililotoka katika Kiarabu na ambalo Kiswahili kimelipokea na kulitendea kama nomino ya ngeli ya I-ZI, ndiyo maana viambajengo vinavyolifuata huchukua *y-*: *baada ya mvua*, *baada yangu*, *baada yenu*, *baada yao*. Hadi hapa hakuna tofauti. Tofauti inaanzia katika kile kinachofuata shina.

Katika *baada ya*, neno *ya* ni kihusishi cha a-unganifu, yaani kile kiungo kinachofunga nomino moja na nyingine na kubadilika kulingana na ngeli: *mti wa*, *kiti cha*, *nyumba ya*, *mahali pa*. Katika *baadaye*, kwa upande mwingine, *-ye* ni kimilikishi kilichofupishwa. Umbo kamili ni *yake*. Kiswahili kina mazoea ya zamani ya kuufupisha umilikishi na kuubandika kwenye nomino, konsonanti ya ngeli ikibaki pamoja na irabu ya mwisho. Ndivyo *mke wake* alivyokuwa *mkewe*, *mume wake* akawa *mumewe*, *ndugu yake* akawa *nduguye*, *jina lake* likawa *jinale*, *mwisho wake* ukawa *mwishowe*, na *hatima yake* ikawa *hatimaye*. *Baadaye* ni ndugu wa hao: ni *baada yake*, yaani baada ya jambo hilo. Walimu wengine huwaeleza wanafunzi kwamba *-ye* hii ni kipande cha *yeye*. Maelezo hayo yanafaa kuachwa, kwa sababu yangemlazimu mwanafunzi aamini kwamba ndani ya *mwishowe* kumo *wewe*, na ndani ya *jinale* kumo neno ambalo halijawahi kusemwa na mtu yeyote.

Ukishaliona hilo, swali la mhadhara huu linabadilika sura. Hakuna mtu anayeuliza kwa nini *mkewe* ni neno moja na *mke wa Kato* ni matatu, kwa kuwa kila mmoja anahisi kwamba *-we* haina pa kusimama peke yake, ilhali *wa* inamtazamia Kato. *Baadaye* na *baada ya mkutano* zina uhusiano huohuo hasa. Ufanano wa *-ye* na *ya* ndio unaolifanya jicho lidhani kwamba kanuni imevunjwa, kumbe imefuatwa.

Inafaa kutaja hapa kwamba hata Kiarabu, ambako shina limetoka, kina mgawanyo unaolingana na huu. Mwandishi wa Kiarabu akitaka kusema "baada yake" huibandika nafsi kwenye neno na kuandika kitu kimoja, *baadahu*; akitaka kutaja nomino huiandika kando kama neno jingine. Aidha, Kiarabu kina umbo linalosimama peke yake, lile ambalo wazee waliozoea barua za kale na mawaidha ya msikitini wanalijua kama *ama baadu* au *wabaadu*. Kiswahili hakikunakili utaratibu huo, kwa sababu *-ye* ni mali ya Kibantu, lakini inaonekana kwamba lugha mbili zisizo na nasaba moja zimeuona mpaka mahali pamoja.

Hoja ya pili: mkazo

Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote, kwa kuwa haihitaji kitabu. Mkazo katika Kiswahili, yaani ile silabi inayotamkwa kwa nguvu zaidi, huangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, isipokuwa katika maneno machache sana. Kwa hiyo mkazo ni shahidi wa mpaka: ukijua ulipo, unajua neno linaishia wapi.

*Baada* ina silabi tatu, *ba-a-da*, kwa sababu irabu mbili zinazofuatana katika Kiswahili huhesabiwa kila moja kwa silabi yake. Mkazo basi uko kwenye *a* ya pili: *ba-A-da*. Mtu anaposema *baada ya kula*, mkazo huo hausogei hata kidogo: *ba-A-da ya KU-la*. Ingekuwa *baadaya* ni neno moja, mkazo ungelazimika kuhamia silabi ya *da*, na wasemaji wangesema *ba-a-DA-ya kula*, jambo ambalo halisikiki Bukoba, halisikiki Muleba, na halisikiki Unguja. Lakini katika *baadaye* mkazo umehama kweli: *ba-a-DA-ye*. Kibandiko *-ye* kimehesabiwa kuwa silabi ya neno na kimeuvuta mkazo hatua moja mbele, kama vile *-ye* nyingine inavyobadilisha *NDU-gu* kuwa *ndu-GU-ye*, na *-we* inavyobadilisha *M-ke* kuwa *m-KE-we*.

Wasikilizaji waliokuwa wakijaribu kimyakimya wakati wa maelezo haya wajaribu sasa kwa sauti, wakianza na *baada yake* na kumalizia na *baadaye*. Katika ya kwanza kuna vilele viwili vya sauti, *ba-A-da YA-ke*. Katika ya pili kuna kimoja tu. Katika jozi hii idadi ya vilele ni idadi ya maneno.

Hapa ipo tahadhari moja inayowahusu hasa wasemaji wa Kihaya. Kihaya kina irabu fupi na irabu ndefu, na irabu ndefu ni sauti moja iliyovutwa, tena tofauti ya urefu inaweza kubadilisha maana ya neno. Mtoto aliyezaliwa katika mfumo huo anapoisikia *aa* ya Kiswahili, hana sababu ya kuigawa kuwa silabi mbili. Huisikia kama *a* moja ndefu, naye kwa haraka ya mazungumzo huifupisha. Hivyo ndivyo *badaye* na *badae* zinavyoweza kuzaliwa katika madaftari. Dawa yake ni kumfundisha mtoto kupiga makofi kwa silabi, makofi matatu kwa *baada* na manne kwa *baadaye*, kabla ya kumsahihisha kwa kalamu nyekundu. Akikosa kofi la pili ataandika *bada*, ambalo ni neno jingine kabisa, ugali wa unga wa muhogo.

Hoja ya tatu: kutenganishika

Neno halisi halipokei mgeni katikati yake. Mtu anaweza kusema *wageni waliondoka baada tu ya chakula*, na *tu* imeingia kati ya *baada* na *ya* bila kuharibu chochote. Anaweza pia kusema *bei ilitangazwa kabla na baada ya mkutano*, ambapo *kabla* na *baada* zinachangia *ya* moja. Kama *ya* ingekuwa kipande cha mwili wa *baada*, isingewezekana kuikopesha *kabla*. Kwa *-ye* hakuna hata moja kati ya mambo hayo linalowezekana. Hakuna msemaji anayeweza kuingiza *tu* kabla ya *-ye*, na akitaka kutilia mkazo atasema *baadaye tu*, yaani ataiweka nje ya neno zima.

Hoja ya nne: maana imejitenga

*Baadaye* ilianza na maana ya "baada ya hilo", na mara nyingi bado inaibeba: *Walivuna kahawa, baadaye wakaianika.* Lakini imesonga mbele. Katika *maisha ya baadaye* au *vizazi vya baadaye*, hakuna kitu chochote kilichotajwa ambacho *-ye* ingekuwa inakirejelea. Neno lote kwa ujumla wake linamaanisha wakati ujao. Wapo hata wanaosema *baadaye yako*, na ingawa mhadhara huu haupendekezi matumizi hayo katika maandishi rasmi, yanathibitisha kwamba umilikishi uliomo ndani ya *-ye* hauhisiwi tena, vinginevyo msemaji asingeongeza umilikishi wa pili.

Kutokana na hilo zimepatikana njia mbili. *Kato alifika kwanza, Ishengoma akafika baada yake* inaeleza nani alimfuata nani. *Ishengoma akafika baadaye* inaeleza saa tu, bila kumtaja aliyetangulia. Umbo kamili limebaki na kazi ya kurejelea, umbo fupi limekuwa kielezi cha wakati, na mwandishi makini hawezi kubadilisha moja kwa jingine popote anapotaka.

Hoja ya tano, ambayo ni jibu kwa pingamizi

Msomaji mkali anaweza kusema kwamba *ya* nayo haijitegemei. Hakuna anayesema *ya* peke yake akanyamaza. Basi kwa nini ipewe heshima ya neno, na *-ye* inyimwe? Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake limo katika Kihaya.

*Ya* kweli inaegemea kitu, lakini inaegemea mbele. Kihaya kinalionyesha jambo hili wazi kuliko Kiswahili, kwa sababu nomino zake nyingi huanza na irabu ya utangulizi: *omukama*, *omwana*, *ente*. Kiunganifu kinapokutana na irabu hiyo, irabu yake humezwa, na waandishi wa Kihaya huandika *ente y'omukama*, ng'ombe wa mfalme, wakiweka ritifaa na kuibandika *y'* kwenye neno linalofuata. Jina la mtu, ambalo halina irabu hiyo, huacha kiunganifu kizima: *ente ya Kato*. Hakuna mwandishi wa Kihaya anayeigandisha *y'* nyuma, kwenye *ente*. Vivyo hivyo katika Kizulu, ambacho tahajia yake huunganisha viambajengo vingi kuliko ya Kiswahili, *ya* na *umfana* huungana kuwa *yomfana*, "ya mvulana", na muungano huo unakwenda mbele, kwenye nomino inayomiliki.

Nomino za Kiswahili sanifu hazina irabu ya utangulizi, kwa hiyo *ya* haimezwi na kitu: husemwa *baada ya alasiri*, na *ya* inasikika nzima. Kwa sababu hiyo waandishi wa Kiswahili waliiandika kando, na mazoea hayo yalikuwa yameenea hata kabla ya kikao cha Mombasa cha mwaka 1928 kilichokichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na kabla ya Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930. Ni lazima kukiri kwamba nafasi kati ya *ya* na *kula* ni ya makubaliano. Watu wengine wangeweza kuandika *yakula* bila kuvunja muundo. Lakini nafasi kati ya *baada* na *ya* si ya makubaliano tu. Hapo ndipo kirai kinapogawanyika, na ndipo msemaji anayetafuta neno husita: *baada... ya mkutano*. Anayeandika *baadaya* ameunganisha upande usiounganika, na Mhaya aliyezoea kuandika *y'omukama* ana silaha ya kulitambua kosa hilo kuliko watu wengi.

Mfano mmoja katika undani wake

Sentensi ifuatayo imebuniwa kwa ajili ya mhadhara huu, lakini makatibu waliopo ukumbini wataitambua sura yake. Ni azimio katika muhtasari wa kikao cha chama cha msingi cha wakulima wa kahawa:

*Wanachama wataleta kahawa ya maganda ghalani watalipwa baadae mnada utafanyika.*

Katibu aliyeandika alikuwapo kikaoni, naye anajua kilichokubaliwa. Mwanachama anayeisoma miezi miwili mbele hajui. Akilisoma neno la mashaka kama *baadaye* na kuweka kituo kabla yake, azimio linasema: *watalipwa, baadaye mnada utafanyika*, yaani fedha kwanza, mnada nyuma. Akilisoma kama *baada ya* iliyoandikwa vibaya, linasema: *watalipwa baada ya mnada kufanyika*, yaani mnada kwanza, fedha nyuma. Mpangilio wa mambo umegeuka juu chini. Katika usomaji wa kwanza mkulima anadai haki yake siku ya kupima kahawa. Katika wa pili anatakiwa kusubiri mnunuzi. Kuna hata usomaji wa tatu, kwamba *watalipwa baadaye* ni mwisho wa wazo, na mnada ni taarifa nyingine inayojitegemea, na hapo tarehe ya malipo haikuwekwa kabisa.

Mtu aliyesikia tofauti ya mkazo kikaoni hakuwa na mashaka yoyote. Sauti ya mwenyekiti ilimaliza kazi. Maandishi hayana sauti, na nafasi tupu ndiyo iliyopewa kazi ya kubeba kile ambacho mkazo ulikibeba.

Namna ya kujihakikishia wakati wa kuandika ni kuangalia kinachofuata. Kikifuata kitu ambacho wakati unahesabiwa kuanzia hapo, iwe nomino, kitenzi-jina kama *kuvuna*, au kiashiria kama *hapo* na *hayo*, umbo ni *baada ya*. Kisipofuata kitu cha namna hiyo, na usemi mzima ukaweza kubadilishwa na *baada ya hayo* au *wakati ujao*, umbo ni *baadaye*. Kipimo hiki kina mtego mmoja. *Maisha ya baadaye ya mtoto* ni sahihi, ingawa *baadaye* imefuatwa na *ya*, kwa sababu *ya mtoto* inarudi kwenye *maisha*. Anayetilia shaka abadilishe nomino ya mwanzo: *vizazi vya baadaye vya Ihangiro*. Kiunganifu kimekuwa *vya*, na imeonekana kwamba hakikuwa cha *baadaye* tangu mwanzo. Kinyume chake, *baadaye ya mtoto kuzaliwa* haiwezi kuokolewa kwa njia hiyo, na inapaswa kusahihishwa kuwa *baada ya mtoto kuzaliwa*.

Kazi iliyobaki

Makosa yanayoonekana katika madaftari na katika mihtasari hutajwa kwa jina moja, "kutojua tahajia", ingawa yanatofautiana. *Baadae* ni kosa la sikio: *y* iliyo kati ya *a* na *e* ni sauti dhaifu, hupotea hapa kama inavyopotea katika *hatimae* na *nae*. *Baadaya* ni kosa la mpaka. *Baada ye* ni kosa la mwanafunzi aliyefundishwa *baada ya* vizuri mno akaieneza pasipostahili. *Baadaye ya kula* ni kosa la aliyezisikia zote mbili na kuzichanganya. Adhabu ya kuandika neno mara hamsini haiwezi kutibu makosa manne yenye vyanzo vinne.

Kwa hiyo pendekezo linalowekwa mbele ya walimu wa Bukoba na Muleba ni la kazi ya muhula mmoja. Kila mwalimu wa Kiswahili, katika insha atakazosahihisha, ayaandike makosa ya aina hizi nne katika safu nne tofauti, akionyesha darasa la mwanafunzi na kama nyumbani kwao huzungumzwa Kihaya au lugha nyingine, bila kuandika jina la mtoto. Katika safu ya tano ziwekwe *kabla ya*, *badala ya*, *mwisho wa* na *hatima ya* pamoja na maumbo yake mafupi, *badalaye*, *mwishowe* na *hatimaye*, ili ionekane kama mwanafunzi anayeikosea *baadaye* huikosea pia *hatimaye*, au kama ameikariri moja bila kuona kwamba zina kanuni moja. *Kablaye* haisikiki katika usemi wa kawaida, na inafaa kuulizwa kwa nini *baada* ilizaa umbo fupi lililoenea kiasi hiki ilhali mwenzake hakuzaa. Mhadhara huu hauna jibu la swali hilo. Safu za walimu zitakapokusanywa na kulinganishwa, shule za mwambao wa ziwa na zile za Kamachumu na Nshamba zikiwekwa bega kwa bega, majadiliano yanayofuata yataweza kuanzia hapo.